Kusahihisha Karatasi ya Kazi Yenye Lugha Mchanganyiko: Densiti ya Jiwe

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

(a) kutenganisha kosa la sayansi na tofauti ya lugha katika jibu la mwenzako;
(b) kutumia kizio na kifaa kuamua neno la mwanafunzi lina maana gani;
(c) kutoa alama kwa haki katika karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza.

Utangulizi

Katika shule nyingi za Tanzania, mtihani wa Fizikia wa kidato cha nne huandikwa kwa Kiingereza, lakini majadiliano ya jioni ya kundi la kujisomea hufanyika kwa Kiswahili. Matokeo yake ni karatasi za kazi ambazo sentensi ni ya Kiswahili na majina ya vitu vya kisayansi ni ya Kiingereza. Mkishamaliza kujibu mnabadilishana karatasi, kila mmoja anasahihisha ya mwenzake. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Msahihishaji mmoja anakata kila neno la Kiingereza. Mwingine anapitisha kila kitu akisema, "Si nimemwelewa?" Wote wawili wanaweza kumpotosha mwenzao. Wa kwanza anamnyima alama za sayansi anayoijua, wa pili anamwachia kosa ambalo ataingia nalo kwenye chumba cha mtihani.

Katika somo hili tutasahihisha karatasi moja tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Mwanafunzi aliandika maneno ya Kiingereza kwa tahajia ya Kiingereza. Hapa tumeyaandika kama yanavyotamkwa ili usomaji uwe mwepesi.

Karatasi ya kazi

Jaribio: Kutafuta densiti ya jiwe lisilo na umbo maalumu. (Alama 12)

*Swali la 1.* Eleza ulichopima na jinsi ulivyopima. (Alama 3)

Jibu: "Nilipima weit ya jiwe kwa biimu balansi nikapata 156 g. Nikaweka maji kwenye mejaring silinda mpaka 30 cm³. Nikalifunga jiwe kwa uzi nikalizamisha lote, maji yakapanda mpaka 90 cm³. Kwa hiyo voliyumu ya jiwe ni 90 – 30 = 60 cm³."

*Swali la 2.* Kokotoa densiti ya jiwe. (Alama 3)

Jibu: "Densiti = mas ÷ voliyumu = 156 g ÷ 60 cm³ = 2.6 g/cm³."

*Swali la 3.* Kwa nini jiwe lilizama? (Alama 2)

Jibu: "Jiwe lilizama kwa sababu lina weit kubwa kuliko maji."

*Swali la 4.* Kokotoa uzito wa jiwe. Chukua g = 10 N/kg. (Alama 2)

Jibu: "Weit = mas × g = 156 × 10 = 1560 N."

*Swali la 5.* Chumvi ilikorogwa ndani ya maji hadi ikawa haionekani. Eleza kilichotokea kwa chumvi na kwa densiti ya maji. (Alama 2)

Jibu: "Chumvi imemelti ndani ya maji. Densiti imepanda kwa sababu mas imeongezeka sana kuliko voliyumu."

Kanuni ya kusahihisha

Kabla ya kushika kalamu nyekundu, andika pembeni ni kitu gani kinapewa alama katika kila swali. Usiposema mapema alama inatolewa kwa nini, utajikuta unatoa alama kwa jinsi jibu linavyosikika.

Swali la 1: alama 1 kwa kutaja kwa usahihi kile kilichopimwa kwa mizani, alama 1 kwa njia ya kupata ujazo, alama 1 kwa vipimo vyote vyenye vizio. Swali la 2: alama 1 kwa kanuni, alama 1 kwa kuingiza tarakimu, alama 1 kwa jibu lenye kizio. Swali la 3: alama 1 kwa kutaja densiti, alama 1 kwa kuzilinganisha. Swali la 4: alama 1 kwa kanuni, alama 1 kwa jibu sahihi lenye kizio. Swali la 5: alama 1 kwa kilichotokea kwa chumvi, alama 1 kwa densiti pamoja na sababu.

Angalia kwamba hakuna alama iliyotengwa kwa ajili ya lugha. Hii ni karatasi ya Fizikia. Kwa hiyo unapokutana na neno la Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili, jiulize swali moja tu: *neno hili linataja kitu kile kile ambacho swali linakitaka?* Kama ndiyo, toa alama na uandike pembeni neno la Kiswahili linalolingana nalo. Kama siyo, kata alama, hata kama sentensi yote inasomeka vizuri.

Tusahihishe sasa

*Swali la 1.* Anza na sehemu rahisi. "Voliyumu" ni ujazo. Njia aliyotumia ni sahihi: amesoma maji kabla na baada, amelizamisha jiwe lote, ametoa. "Mejaring silinda" ni silinda ya kupimia. Hakuna kilichopotea kwa sababu ya lugha. Toa alama ya ujazo, kisha toa alama ya vipimo kwa kuwa kila tarakimu ina kizio chake.

Sasa rudi kwenye "weit". Hapa usikimbie. Katika Fizikia ya Kiingereza, "mas" na "weit" ni vitu viwili. Mas ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na kizio chake ni gramu au kilogramu. Weit ni kani ambayo Dunia inavuta kitu hicho, na kizio chake ni nyutoni. Kwa Kiswahili cha sayansi tunasema *tungamo* kwa mas na *uzito* kwa weit.

Mwanafunzi huyu amepima kwa mizani ya mhimili, akapata gramu. Kifaa na kizio vyote vinashuhudia kwamba alichopima ni tungamo. Jina alilolipa ni la kitu kingine. Kwa hiyo alama ya vipimo anaipata, maana kazi ya mikono yake ni sahihi, lakini alama ya kutaja kilichopimwa haipati. Andika pembeni: "Gramu ni kizio cha mas (tungamo), si weit (uzito)."

Lakini kosa hili limetoka wapi? Limetoka dukani. Mteja anauliza "uzito wake kilo ngapi?" na muuzaji anajibu "kilo mbili". Kiswahili cha kila siku kinatumia neno *uzito* kwa kile ambacho Fizikia inakiita tungamo, na hakuna anayepunjwa kwa hilo. Mwanafunzi alifikiri "uzito", akautafsiri kuwa "weit", na neno likageuka kosa.

Je, kama angeandika "nilipima uzito wa jiwe nikapata 156 g"? Swali limeomba ataje alichopima, na kosa lingekuwa lile lile, kwa hiyo alama ingekatwa vilevile. Kuandika Kiswahili kitupu hakumwokoi, kama kuchanganya lugha kusivyomponza.

Matokeo ya swali la 1: alama 2 kati ya 3.

*Swali la 2.* Kanuni ni sahihi: tungamo kugawanya kwa ujazo. Tarakimu zimeingizwa vizuri, na 156 ÷ 60 ni 2.6. Kizio kipo. Mpe alama zote 3.

Hapa msahihishaji mkali huingia kwenye mtego wake mwenyewe. Anakata "mas" na "voliyumu" kwa kuwa ni Kiingereza, halafu anaiacha "densiti". Nayo densiti imetoka wapi? Ni neno la kukopa lililokwisha kuzoeleka katika Kiswahili cha sayansi, kama gramu, silinda na nyutoni. Voliyumu halijapokelewa hivyo kwa sababu tunalo neno *ujazo*. Hiyo ni tofauti ya historia ya maneno, nayo haibadilishi jibu la 2.6 g/cm³.

Angalia jambo jingine. Katika swali la 1 ameandika "weit", katika swali la 2 ameandika "mas" kwa gramu zile zile 156. Maana yake kanuni ameikariri, lakini anapoeleza kwa maneno yake anarudi kwenye lugha ya dukani. Usitumie swali la 2 kumrudishia alama ya swali la 1. Tumia swali la 2 kujua cha kumwambia mtakapokaa kujadili.

*Swali la 3.* "Jiwe lilizama kwa sababu lina weit kubwa kuliko maji." Jibu hili linasikika sawa masikioni, na ndiyo maana wengi hulipitisha. Lijaribu kwa kuuliza: maji yapi? Maji ya kwenye silinda, ya kwenye pipa, au ya Ziwa Viktoria? Uzito wa jiwe hili ni mdogo mno kuliko uzito wa maji ya pipa, lakini ukilitia ndani ya pipa litazama vilevile. Gogo zito la kuchongea mtumbwi huelea, na msumari mdogo huzama. Kwa hiyo ukubwa wa uzito peke yake hauelezi.

Kinachohitajika ni densiti. Densiti ya jiwe ni 2.6 g/cm³, ya maji ni 1.0 g/cm³. Jiwe lina densiti kubwa kuliko maji, kwa hiyo linazama. Mwanafunzi hakutaja densiti wala hakulinganisha. Alama 0 kati ya 2.

Wenye huruma watasema alikuwa anamaanisha densiti, kwa sababu kwa Kiswahili tunasema "mafuta ni mepesi kuliko maji" tukimaanisha densiti. Ni kweli tunasema hivyo. Lakini mtu aliyetoka kuikokotoa densiti katika swali la 2 alikuwa na neno sahihi mkononi na hakulitumia. Msahihishaji hutoa alama kwa kilichoandikwa, hakamilishi mawazo ya mtahiniwa.

Yapo maelezo mengine ambayo ungeyapokea. Jiwe la 60 cm³ linasukuma kando maji ya 60 cm³, yaani gramu 60, ambayo uzito wake ni 0.6 N. Huo ndio msukumo wa maji kwenda juu. Uzito wa jiwe ni 1.56 N. Uzito umeshinda msukumo, kwa hiyo jiwe linazama. Mtahiniwa akiandika hivi ana haki ya alama zote 2 ingawa kanuni yako inataja densiti. Tazama kwamba katika maelezo haya neno "weit" lingekuwa mahali pake kabisa, kwa sababu linalinganishwa na kani nyingine.

*Swali la 4.* Hapa "weit" ni sahihi, maana swali limeomba uzito na yeye ametumia kanuni ya uzito. Toa alama 1 ya kanuni. Neno lile lile lililomkosesha alama katika swali la 1 linampa alama hapa, ndiyo maana huwezi kuzungushia duara kila "weit" kwa mkupuo.

Jibu lenyewe ni kosa. Thamani ya g imetolewa kwa N/kg, kwa hiyo gramu lazima zigeuzwe kuwa kilogramu kwanza: 156 g ni 0.156 kg, na 0.156 × 10 ni 1.56 N. Ukitaka kumwonyesha ukubwa wa kosa, mwambie kwamba 1560 N ni uzito wa kitu chenye tungamo la kilogramu 156, zaidi ya mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Jiwe hilo lisingeingia kwenye silinda. Alama 1 kati ya 2, na kosa hili halihusiani na lugha hata kidogo.

*Swali la 5.* Hili ndilo swali la kukaa nalo. "Chumvi imemelti ndani ya maji." Kiswahili cha kila siku kina neno *kuyeyuka* kwa mambo mawili: barafu inayeyuka, na chumvi inayeyuka ndani ya maji. Fizikia na Kemia zinayatenganisha. Barafu inapogeuka maji, yabisi imegeuka kimiminika kwa joto, na Kiingereza huliita hilo "kumelti". Chumvi inapotoweka ndani ya maji, chembe zake zimesambaa kati ya chembe za maji, na Kiingereza huliita hilo "kudizolvu". Chumvi ya mezani humelti kwenye jotoridi la 801 °C, joto ambalo halipatikani kwenye bilauri ya maji.

Kwa hiyo "imemelti" inakosa alama. Je, angeandika "imeyeyuka ndani ya maji"? Angepata, kwa sababu hayo ndiyo maneno ya kawaida ya Kiswahili kwa tukio hilo, na "ndani ya maji" yanaonyesha ni kuyeyuka kupi. Utaona basi kwamba Kiswahili kingeweza kuficha kosa, nalo neno la Kiingereza limelifichua: mwenzako hajui kwamba kuna matukio mawili. Katika mtihani wa Kiingereza hatakuwa na neno la kumfichia. Ni afadhali alama hiyo aipoteze leo.

Sehemu ya pili, densiti imepanda kwa kuwa mas imeongezeka sana kuliko voliyumu, ni sahihi. Tungamo la chumvi limeongezwa juu ya tungamo la maji, ilhali ujazo umeongezeka kidogo tu. Alama 1 kati ya 2.

Kujumlisha

Swali la 1: 2. Swali la 2: 3. Swali la 3: 0. Swali la 4: 1. Swali la 5: 1. Jumla ni alama 7 kati ya 12.

Linganisha na wasahihishaji wengine wawili. Anayekataa kila sehemu yenye Kiingereza angetoa alama 1 ya vipimo katika swali la 1 na alama 2 za tarakimu na jibu katika swali la 2, jumla 3. Anayepitisha kila kinachoeleweka angekata alama moja tu, ya 1560 N, na kutoa 11. Mwenye 3 ataambiwa hajui densiti, wakati ameikokotoa bila kosa. Mwenye 11 ataenda kwenye mtihani akiamini kwamba weit na mas ni kitu kimoja na kwamba chumvi humelti.

Mkibishana

Mwenye karatasi akikataa uamuzi wako, msibishane juu ya neno. Muulize maswali mawili: "Ungekipima kwa kifaa gani? Ungeandika kizio gani?" Akijibu mizani ya mhimili na gramu, anazungumzia tungamo. Akijibu mizani ya springi na nyutoni, anazungumzia uzito.

Akisema bado haoni tofauti, mpelekeni mwezini. Huko g ni karibu 1.6 N/kg. Mizani ya mhimili ingeonyesha 156 g zile zile, kwa kuwa jiwe na mawe ya mizani vyote vinavutwa kidogo kwa kiasi kile kile. Mizani ya springi ingeonyesha karibu 0.25 N badala ya 1.56 N. Kisichobadilika ni tungamo, kilichobadilika ni uzito.

Njia hii ina mpaka wake. Jibu lisilo na kizio wala kifaa, kama "uzito wa jiwe ni 156", halina shahidi. Hapo usikisie. Kata alama na uandike pembeni, "Kizio?"

Zoezi

Sahihisha majibu haya. Kwa kila moja sema kama utatoa alama, na uandike utakachoweka pembeni.

1. "Karenti ya ampea 2 ilipita kwenye waya."
2. "Tempericha ya maji ni jouli 4200."
3. "Niliisukuma toroli kwa nguvu ya jouli 50."
4. "Nguvu ya balbu ni wati 60."
5. "Sukari imedizolvu kwenye chai."

Majibu

1. Toa alama. Ampea ni kizio cha karenti. Pembeni: "mkondo wa umeme".

2. Usitoe. Jouli ni kizio cha nishati, pamoja na joto. Tempericha hupimwa kwa kipimajoto, kwa nyuzi. Kosa limetokana na *joto*, neno ambalo mtaani hutumika kwa vyote viwili. Pembeni: "jotoridi au joto? Angalia kizio."

3. Usitoe. Kinachosukuma toroli ni kani, na kizio chake ni nyutoni. Sentensi ni Kiswahili kitupu, lakini sayansi si sahihi. Pembeni: "kani, N".

4. Toa alama. *Nguvu* ni neno lenye maana nyingi, lakini wati inaonyesha kwamba anazungumzia kiasi cha nishati kinachotumika kwa kila sekunde. Pembeni: "jouli 60 kwa sekunde 1".

5. Toa alama. Pembeni: "imeyeyuka ndani ya chai".